Picha Moja kwa Laini Mbili

Mwanamke nisiyemjua alisimama mlangoni mwa kibanda changu cha ushonaji, Majengo, akaninyang'anya jora la kitambaa nililokuwa nimelibeba. "Wewe na hiyo hali yako, usiinue vitu hivi!" Akaniwekea mezani, akacheka, akaenda zake. Nikabaki nimeduwaa, mikono hewani, jasho likinitoka na hali Nyeri ilikuwa baridi.

Hali gani? Ya mwezi wa nne, ambayo tuliijua watatu tu duniani: mimi, mume wangu na dada yangu mkubwa.

Nilikuwa na sababu. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ile ya pili, mama mkwe wangu wa Kutus alikuwa amekwisha kuwaalika akina mama wa kule kwa sherehe ya mtoto, kuku wamechaguliwa, ndizi zinaivishwa, halafu akalazimika kupita nyumba kwa nyumba akiwaambia wasije. Sikumwona akipita, lakini nililiona hilo kila nilipofumba macho. Nikaapa kwamba safari hii hatasikia neno mpaka mtoto alie. Sikuogopa maneno yake. Niliogopa kumpitisha tena kwenye nyumba zile.

Nikafunga kibanda nikakimbilia kwa dada. Ana saluni hatua chache kutoka msikitini, na simu moja yenye laini mbili: ya kwake na ya kazi, kila moja na akaunti yake ya ujumbe, zote ziko wazi muda wote. Kwenye akaunti yake, status alikuwa ameiweka ionekane kwangu na kwa mume wangu tu. Kwenye ile ya saluni, kila mteja anaona, maana ndipo anapotundika mitindo ya nywele.

"Umemwambia nani?" nikafoka. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akageuka.

"Mimi? Ati nimwambie nani? Niliandika tu kwa status yangu asubuhi, tukuombee. Hiyo mnaona nyinyi wawili peke yenu."

Nikafungua simu yangu. Maneno yalikuwepo: mdogo wangu ameingia mwezi wa nne, Mungu amlinde huyu wa tatu. Juu yake jina la saluni.

Dada akaketi kwenye kiti cha wateja, kitana kikiwa bado mkononi. Kidogo kidogo akakumbuka. Asubuhi arifa ya mteja iliingia, anauliza nafasi ya kusuka. Aliigusa, simu ikamhamishia akaunti ya saluni ili ajibu. Akajibu. Kisha akaandika maombi yake palepale, akidhani yuko kwake. Na angejuaje? Akaunti zote mbili alikuwa ameziwekea picha ileile, yeye akitabasamu mlangoni mwa saluni. Akili ni nywele, kweli, lakini dada yangu siku hiyo alikuwa amesuka za watu akasahau zake!

"Futa!" nikasema.

"Ngoja kwanza tuone nani ameona. Nikifuta, hiyo orodha inapotea."

Akabonyeza kijicho kilicho chini ya status. Majina yakashuka: mwuza mboga, mwalimu wa chekechea, yule wa jora bila shaka. Halafu nikaliona, limeandikwa vile dada alivyolihifadhi: Mama wa Kutus. Mama mkwe alisuka hapo Krismasi. Dada akafuta, lakini kufuta hakumtoi mtu kile alichokwisha kusoma.

Nililia kwa hasira. Dada naye akalia, huku akibadilisha picha ya akaunti ya saluni akaweka kitana chekundu, akiapa kwamba hataandika chochote kabla ya kutazama kama juu pana uso au kitana. Na arifa za saluni akazinyamazisha, atakuwa akizifungua mwenyewe. Nikamwambia kitana chake akipeleke kule Doldol kwa wafugaji akawachane mbuzi.

Siku nzima nilingoja simu ya Kutus. Haikulia.

Kesho yake asubuhi nilipokuwa natoka bombani na ndoo ya maji, mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya kibanda, amevaa koti lake la kanisani, mfuko wa unga wa uji mkononi. Nikaanza kusema, "Mama, ile kitu umeona kwa simu…"

"Kitu gani? Mimi sijaona kitu, mami. Hiyo simu yangu imeharibika kutoka wiki iliyopita." Alinitazama usoni bila kupepesa. "Nimekuja unipimie rinda."

Kisha akaichukua ile ndoo mkononi mwangu, akatangulia nayo ndani.