Namba Iliyofunikwa kwa Plasta

Kumbukumbu ya kipima presha inaonyesha kwamba Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, moyo wa mwendesha kreni mmoja ulikuwa ukipiga mara 194 kwa dakika. Yeye mwenyewe aliiona namba hiyo siku tatu baadaye, akiwa kitandani hospitalini, kiwiko cha mkono wa kulia kimeungwa kwa vyuma.

Kazini wanamwita Mnara, kwa sababu ni mfupi. Alianza kwa kuchanganya zege, akahamia kwenye kufunga nondo, akawa mpiga ishara, yule anayesimama chini na kumwonyesha mwendeshaji kwa mikono ashushe wapi. Miaka ile alikuwa akitazama juu kutwa nzima mpaka shingo ikauma, na alichokuwa akikitazama ni kiti cha mwendeshaji. Alipokipata alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Waashi walisema Mnara akiweka tofali chini hata vumbi halishtuki. Alilipenda sana neno hilo. Hadi leo analirudia.

Sheria ya eneo lile la ujenzi ni kwamba hapandi mtu juu kabla ya kupimwa presha. Mwenye presha iliyopanda anabaki chini siku hiyo, bila mjadala. Anayepima ni ofisa usalama, mwanamke aliyesomea kazi yake chuoni, na chumba chake ni kontena lenye ngazi mbili za chuma mlangoni. Wanamwita Mama Presha. Wanaume wale wakubwa humnyooshea mkono kila asubuhi kama watoto wanaokaguliwa kucha.

Kioo cha mashine yake huonyesha namba tatu. Mbili za juu ni presha, ya chini ni mapigo ya moyo. Hiyo ya tatu ilimchosha. Waashi walikuwa wakishindana nayo: mwenye sitini anamcheka mwenye tisini kwamba moyo wake umeanza kuzeeka, mwenye tisini anataka apimwe upya, foleni haisogei. Asubuhi moja Mama Presha alikata kipande cha plasta nyeupe akaifunika namba hiyo. Ubishi ukaisha. Baada ya wiki chache hakuna aliyekumbuka kwamba chini ya plasta kuna kitu.

Mnara naye alikuwa na lake alilolifunika. Mara tatu katika mwaka mmoja moyo wake uliwahi kuondoka ghafla, kama pikipiki iliyopigwa kiki, ukaenda mbio dakika chache, kisha ukatulia ghafla vilevile. Mara moja ilimkuta mezani, nyumbani. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alimwona ameweka kijiko chini na kushika ukingo wa meza. Alimuuliza. Mnara akamjibu kuwa ni uchovu tu. Alijua akilitamka jambo lile mbele ya daktari, atakatazwa kupanda.

Jumanne ile alipimwa alfajiri, akapita, akapanda. Alikuwa anashusha furushi la nondo ulipoanza tena. Safari hii haukutulia. Alilimalizia furushi, akaliweka chini bila kishindo, akazima mtambo. Alikuwa na redio ya kuitia watu. Hakuitumia. Alishuka ngazi ndefu peke yake, kifua kimebana, macho yanaingia kiza kila baada ya vidato kadhaa. Fundi mmoja aliyempita chini alimtania kwamba leo Mnara umeinama, nani kauchimba msingi.

Mama Presha alimkalisha. Mnara alimwambia anasikia kizunguzungu na kifua kinambana. Kuhusu moyo hakusema. Mashine ilijaza upepo, ikatoa alama ya hitilafu. Mama Presha alibadilisha betri, akarudia. Ikatoka 92 kwa 58.

Katika chumba kile habari mbaya ilikuwa namba kubwa. Hii ilikuwa ndogo, na akapumua. Alimshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo kwa vidole, akasikia kitu kinachotetemeka, chembamba, kisichohesabika. Alidhani amekosa mshipa.

"Presha yako ya kitoto, kaka," alimwambia. "Hujala wewe. Kaa nikuletee chai ya sukari."

Alipogeuka kuwasha birika, Mnara alisema anataka hewa, akasimama. Alifika mlangoni. Alizimia kwenye ngazi ya juu akaangukia kiwiko, juu ya ukingo wa chuma.

Gari la wagonjwa lilipigiwa simu hapo, wala si kabla. Aliyepokea alimuuliza Mama Presha kama mgonjwa anapumua. Anapumua, na amefumbua macho. Akaelekezwa amlaze hapohapo, asimnyanyue, asimpe chai wala chochote, na akiacha kupumua vizuri aanze kumkandamiza kifua bila kungoja. Hakuacha. Alilala akitazama juu, kwenye kreni, midomo imepauka.

Mhudumu wa gari aliiona mashine mezani, mkanda wake bado umetandazwa.

"Hii mmeifunika ya nini?"

"Ilikuwa inaleta ubishi," Mama Presha alisema.

Mhudumu aliibandua plasta kwa ukucha, akairudisha mashine kwenye kipimo cha mwisho. Alimgeuzia kioo.

Hospitalini walimpima umeme wa moyo. Kwa kuwa presha ilikuwa chini, kifua kinauma na tayari alishazimia, hawakupoteza muda: walimpa dawa ya usingizi, wakaushtua moyo kwa umeme mara moja. Ukarudi themanini na nne.

Daktari alimweleza mkewe kwa utaratibu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya sitini na mia. Ukikimbia kwa sababu umekimbia, hupanda polepole na kushuka polepole. Lakini ukiruka ghafla ukapita mia na hamsini nawe umekaa tu, hilo ni la kuonana na daktari siku hiyohiyo hata ukitulia. Na ukienda mbio hivyo pamoja na maumivu ya kifua, kuzimia au kutaka kuzimia, kukosa pumzi, au presha kushuka, ni kuita gari la wagonjwa papo hapo. Hakuna kubadilisha betri wala kungoja kipimo cha pili, na mgonjwa hasimami wala haendeshi gari mwenyewe. Mashine ikigoma kusoma, dalili zinatosha.

"Mara tatu," mkewe alimwambia Mnara alipoamka. "Na mimi nilipokuuliza, ukaniambia uchovu."

Moyo wenyewe ulikuwa na njia moja ya umeme iliyozidi, aliyozaliwa nayo. Mwezi Agosti waliifikia kupitia mshipa wa paja wakaichoma. Aliondoka hospitalini kesho yake. Haujakimbia tena, na daktari wa moyo alimwandikia kwamba anaweza kupanda. Angeenda kwa daktari mara ya kwanza, angechomwa vivyo hivyo na kurudi kwenye kiti chake.

Kiwiko ndicho kilichokataa. Hakinyooki, na vidole viwili vya mwisho havina hisia. Kwenye jaribio la kurudi kazini alishusha tofali likatua kwa kishindo. Alizima mtambo mwenyewe kabla hawajamwambia.

Mama Presha alimtembelea nyumbani. Alikaa muda mrefu bila kugusa maji aliyowekewa.

"Ningeibandua ile plasta," alisema.

"Ungeibandua ningekwambia mashine yako mbovu," Mnara alimjibu. "Nilikuwa nimeshajiandaa."

Mashine ya kontena sasa ina namba tatu wazi, na foleni ya asubuhi imekuwa ndefu tena.

Jumatatu Mnara anarudi kazini kama mpiga ishara, chini, kwa mkono wa kushoto. Kitini atakaa mtu mwingine.