Kemia Kupitia Duka la Mawigi

Mama yangu mdogo alishindwa Kemia mara mbili, na mara ya tatu mimi ndiye nilikaribia kumfelisha kwa mikono yangu. Nasema hivyo huku nacheka, kwa sababu sasa naweza. Wakati ule sikucheka hata kidogo. Yaani, nilicheka siku moja, nitaeleza.

Yeye ni mhudumu katika zahanati moja huko Kisarawe. Anafagia, anapima uzito wa watoto, anapanga mafaili, anawatuliza kina mama. Alichotaka ni kwenda chuo cha uuguzi, na chuo hakikumtaka bila ufaulu wa Kemia ya kidato cha nne. D ilitosha. Alikuwa na F mbili, za miaka miwili tofauti, na alikuwa ametimiza miaka arobaini na moja. Aliniambia wazi kwamba huu ndio mtihani wa mwisho. "Nikikosa tena naacha, mwanangu. Watoto wangu wameanza kunionea huruma."

Mimi kazi yangu ilikuwa kutunza tovuti ya masomo, katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi Maili Moja, Kibaha. Aliyeandika masomo yenyewe ni mwalimu mstaafu wa kike, mkali, anayevaa miwani miwili kwa zamu na kutukaripia sisi kwa zamu pia. Alieleza Kemia kwa Kiswahili, akaweka istilahi kama mtihani unavyozitaka, akachora michoro yote mwenyewe. Na fahari yetu kubwa ilikuwa hii: kampuni moja ya simu ilikubali tovuti yetu isomwe bure. Huna salio, huna bando, unafungua tu. Mama mdogo na wenzake watatu, wote watahiniwa wa kujitegemea, walisoma hivyo jioni baada ya kazi, kwenye benchi la zahanati.

Bure hiyo ilikuwa na mipaka yake. Video hazikuwemo, kwa sababu tuliziweka kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, ya watu wengine. Ukibonyeza video, simu inadai bando. Mama mdogo aliuliza kwa nini ukurasa uleule nusu bure nusu si bure, nikamjibu kwa maringo ya fundi kwamba ni mambo ya mitambo. Ningemweleza vizuri siku ile, labda na mimi ningejielewa.

Zikabaki wiki tatu kufika mtihani, nikaamua kuwa shujaa. Seva yetu ya kukodi ilikuwa nzito, michoro inajitokeza kwa kusitasita. Nikapata nyingine, kampuni nyingine, yenye kasi na nafuu. Nikahamisha kila kitu siku ya Ijumaa. Jina la tovuti likabaki lilelile. Nikaijaribu kwenye simu yangu, ikafunguka kabla sijaondoa kidole. Nikairudisha seva ya zamani kwa wenyewe, nikampigia Mwalimu kujisifu, nikanunua chipsi mayai nikala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale kituoni.

Jumatatu mama mdogo akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, masomo mmeyafunga?"

"Hapana, tumeyaboresha!"

"Mmeyaboresha hayafunguki. Inaniambia ninunue kifurushi. Halafu kuna jambo jingine, sijui nilisemeje." Akashusha sauti. "Mawigi yanafunguka."

Nikadhani simu inakata maneno. "Mawigi gani?"

"Ya kuvaa kichwani! Kuna fupi, kuna la mawimbi, kuna jekundu. Ile namba uliyotuandikia mwanzo, nimeiweka, yamekuja mawigi. Bure kabisa. Tumeangalia yote."

Hapo ndipo nilipocheka, kwa sekunde kama tano. Kisha nikaelewa, na kicheko kikanikauka.

Tovuti ina jina kwa ajili ya watu, lakini simu ikitaka kwenda huko hutafuta kwanza namba, anwani ya seva yenyewe. Mwanzoni kabisa, jina letu lilipokuwa bado halijakamilika, niliwaandikia wanafunzi wa kwanza ile namba kwa mkono. Mama mdogo, mtu wa kutunza karatasi, alikuwa nayo ndani ya kadi ya kliniki. Sasa jina lilimpeleka kwenye seva mpya, na seva mpya inadai bando. Namba ilimpeleka kwenye seva ya zamani, ambayo haikuwa yetu tena.

Nikampigia ofisa wa kampuni ya simu, kijana mpole aliyetuunganisha tangu mwanzo.

"Kaka, mmehama bila kutuambia?" aliuliza.

"Jina halijabadilika."

"Sisi jina hatuliangalii. Mtambo unaangalia data inakwenda namba gani. Namba ikiwa kwenye orodha, hatukati salio. Isipokuwemo, tunakata. Namba yenu mpya haimo."

"Na ya zamani?"

"Imo. Sasa hivi inapitisha watu kama kawaida." Nikasikia anabonyeza, kisha anajikaza asicheke. "Kaka, hili ni duka la mawigi."

Nilitaka kumtukana, lakini wa kutukanwa nilikuwa mimi. Simu yangu ilikuwa na bando siku ile ya Ijumaa. Sisi tunaotengeneza vitu vya bure huwa hatuishiwi bando, kwa hiyo hatuoni vinapoacha kuwa bure. Ningeweka laini isiyo na salio nikajaribu mara moja, ningejua kabla ya chipsi.

Ofisa alisema kubadilisha namba kunahitaji barua, sahihi za wakubwa wawili, na zamu ya mafundi: wiki nne, tano ukikosa bahati. Mtihani wa Kemia ulikuwa siku kumi na tisa mbele. Nikawapigia wenye seva ya zamani wanirudishie namba yangu. Wakajibu kwa adabu kwamba mteja mpya ameshaichukua na hawawezi kumnyang'anya. Nikamweleza Mwalimu. Akavua miwani, akavaa mingine, akaniangalia.

"Kwa hiyo wanafunzi wangu sasa wanasoma nywele," alisema. "Ulichokiharibu, nenda kakitengeneze."

Nikafungua duka la mawigi. Chini kulikuwa na namba ya simu. Akapokea mwanamke mwenye sauti kubwa, nyuma yake mashine ya kukaushia nywele inanguruma. Nikajieleza kama mtu anayeomba msamaha wa posa iliyovunjika.

"Subiri," alinikatiza. "Ndio nyie! Kaka, siku hizi mbili tatu wateja wangu wamejaa mtandaoni, wanaangalia wigi moja moja, hakuna anayenunua hata kibanio. Nilidhani nimerogwa!"

"Hapana dada, ni mama yangu mdogo na wenzake."

"Sasa unataka nini?"

Nilitaka kichochoro. Seva yake iwe na njia ndogo inayoitwa masomo. Mtu akiandika namba ile na neno hilo mwishoni, seva yake ichukue ukurasa kutoka kwetu na kumkabidhi. Simu ya Kisarawe itakuwa inaongea na namba iliyo kwenye orodha tu, basi. Safari ya kutoka kwake hadi kwetu haipiti kwenye simu ya mtu, hivyo hakuna wa kukatwa. Nilimwambia pia ofisa wa simu. Akasema masomo yale walishakubali yawe bure, kwa hiyo yeye hana neno, mradi barua niilete.

Dada wa mawigi akazima mashine.

"Nina sharti. Juu ya kila somo, picha ya wigi langu moja."

Nikampelekea Mwalimu sharti hilo nikiwa nimesimama karibu na mlango, tayari kukimbia. Aliweka kalamu chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mama yule ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu akacheka mpaka akashika meza. "Aweke," alisema akifuta machozi. "Lakini chini ya wigi naandika mimi." Akakaa palepale, akaandika swali kuhusu dawa ya kulainisha nywele: ni asidi au besi, na kwa nini inaunguza ngozi ya kichwa?

Dada akanipa funguo za seva yake kwa onyo moja. "Ukiniharibia, nitakufuata huko Kibaha na mkasi." Kazi yenyewe ilikuwa mistari michache tu. Niliisoma mara tano kabla ya kuihifadhi.

Safari hii sikujaribu kwa simu yangu. Nilipanda pikipiki hadi Kisarawe, nikafika zahanati wagonjwa wamepungua. Wale wanne walikuwa kwenye benchi. Mama mdogo akanionyesha salio lake kwanza, kwa ushahidi: sifuri. Akaandika namba kutoka kwenye kadi ya kliniki, akaongeza neno masomo, akabonyeza.

Likaja wigi jekundu. Chini yake, Asidi, Besi na Chumvi, michoro yote mahali pake.

"Yamerudi!" Mmoja alipiga vigelegele, muuguzi wa zamu akatoka na sindano mkononi akidhani kuna aliyejifungua. Mama mdogo alinikumbatia, kisha akanipiga kofi la begani, kisha akanikumbatia tena. "Hilo kofi ni la siku nne ulizonipotezea," alisema, na akarudi kukaa. Ndani ya dakika moja walikuwa wanabishana kuhusu dawa ya nywele, wote wanne kwa wakati mmoja, nami nikakaa chini ukutani nikiwasikiliza na kujiona mwepesi sana.

Walisoma hivyo mpaka siku ya mtihani. Wigi moja liliuzwa, kwa muuguzi wa zamu.

Matokeo yalipotoka, tovuti ya kuyaangalia ilitaka bando kama tovuti nyingine yoyote, kwa hiyo niliangalia mimi kwa niaba yake. Ukurasa ulikuwa mzito, maelfu ya namba za watahiniwa, nikawa nashuka taratibu na kidole kimelowa jasho. Nikaipata ya kwake. Nikaifuata kwa rula kwenye kioo cha kompyuta nisije nikaruka mstari. Nikampigia.

"Niko kliniki, nina mtoto kwenye mizani," alisema. "Ngoja nimshushe." Nikasikia mtoto analia, anakabidhiwa mama yake. "Sema."

"D."

Nikasikia kiti kinavutwa.

"Mama?"

"Ya nani?"

"Ya kwako. Kemia, D."

"Soma tena, na namba yangu."

Nikasoma tena, na namba yake. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Huko nyuma kina mama walikuwa wanaulizana kuna nini, na yeye hakuwajibu, aliniambia tena tu, na sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo. Mara ya tisa ilinishinda mimi kuisoma, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akaniondolea simu mkononi akamsomea yeye.