Misalaba isiyo na uzi

Kijiji kizima cha Burungu kilijua kwamba Verdiane ana wivu. Wala hakuuficha. Ng'ombe wa jirani akitoa maziwa mengi kuliko wa kwake, alipita hapo, midomo imemchongoka, na kusema kwa sauti kwamba maziwa yale ni maji matupu. Mimi nimekaa ng'ambo ya ua wake tangu nilipoolewa, nikampenda hivyo hivyo, ingawa kuna siku nilitamani ua ule uwe mrefu zaidi.

Alikuwa mjane. Mumewe, Nzabandora, alimwachia ng'ombe wachache, nyumba ya udongo na ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe. Hawakupata mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na asiye na mtoto hubaki na jina lake tu, kama msichana. Lakini Verdiane, aliyezaliwa akiitwa Nyiramana, aliitwa Mama Maua, na jina hilo alipewa na kanisa. Zamani alikuwa akipeleka maziwa kwa mkoloni mmoja mwenye shamba la kwinini, na walipofunga mizigo yao mwaka wa uhuru, mke wa yule mzungu alimruhusu achimbue mizizi ya dalia, maua yake makubwa ya bustanini. Aliibeba kichwani na kuipanda nyuma ya zizi. Huko juu kwetu, penye baridi na mvua, dalia zilikubali kuliko maharagwe, na tangu hapo maua ya kanisa yalitoka kwake.

Katika Kwaresima altare haiwekwi maua, na sanamu hufunikwa kitambaa cha zambarau. Ila Jumapili ya Matawi huwekwa meza nje, mwanzo wa njia, na hapo padri hubariki matawi kabla ya watu kuandamana hadi kanisani. Meza ile ilikuwa ya Verdiane. Aliipamba kwa dalia nyekundu, kwa kuwa siku ile padri huvaa nyekundu kwenye maandamano. Arumu, yale maua meupe yaliyoota kando ya kisima chake, hazikuguswa na mtu. Hizo zilikuwa za Pasaka. Na misalaba midogo ya majani, ile ambayo kila nyumba hutundika juu ya mlango, ilikuwa pia kazi yake. Alichukua vipande viwili vya jani, akavipishanisha, akavifunga katikati kwa uzi mweusi. Hakuna aliyelalamika, maana hatukujua msalaba wa namna nyingine.

Mwaka wa 1969 Constance akafika. Alikuwa mke mpya wa Athanase, katekista wetu, naye alitoka Walikale, kule chini kwenye joto, ambako mingazi, miti ya mawese, imejaa kila mahali. Kwetu mlimani mingazi haioti. Majani yetu ya Jumapili ya Matawi yaliletwa na lori la mafuta ya mawese, yakiwa yamefungwa ndani ya majani ya migomba yaliyoloweshwa maji ili yasikauke njiani.

Lori lilipofika, siku ya Ijumaa, tulikuwa tumekusanyika mbele ya kanisa. Constance akafungua furushi, akatafuta lile jani changa la katikati, jeupe, ambalo halijafunguka bado. Akachomoa ukanda mmoja, akautoa uti wake mgumu kwa ukucha. Kisha, huku akiongea na sisi, akaukunja: ncha ikapita nyuma, ikarudi mbele, ikawa mkono wa kulia, ikawa wa kushoto, ikazunguka kifua cha msalaba na kuingia nyuma chini ya mkunjo wake mwenyewe. Msalaba mzima, ukanda mmoja, bila uzi, bila kisu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga, nisiseme uongo.

Athanase, ambaye hakuwa na akili ya kusubiri hata kidogo, akamgeukia Verdiane palepale. "Mama Maua, mwaka hii misalaba tuachie Constance. Yeye alikomalia ndani ya mingazi. Weye utabakia na maua yako. Si iko bien?"

"Iko bien," akasema Verdiane. Uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango wa duka siku ya Jumapili.

Njiani kurudi nyumbani akanimwagia yote. "Mwaka hii misalaba. Mwaka kesho maua. Halafu mutaniita nani? Nyiramana bibi wa marehemu? Ule mutoto hajakaa hata miezi ngapi hapa, tayari iko nanyanganya!"

Nikamwambia hakuna anayemnyang'anya kitu. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemleta Constance mgongoni.

Kesho yake, Jumamosi, kazi yake ilikuwa moja tu: jioni kukata dalia, kuzitia ndani ya ndoo za maji, na asubuhi kuzipanga mezani. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosea. Lakini alasiri ile, Sebahire mchungaji wake alipokuwa amerudisha ng'ombe zizini na kwenda zake, vicheko vilisikika kutoka kwa Athanase. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakikunja misalaba. Walikuwa wale wale waliokuwa wakikaa kwa Verdiane kila mwaka, wakimkatia uzi na kula viazi vyake.

Verdiane hakuweza kuvumilia. Akachukua njia ya mkato, kupitia zizini hadi bustani ya dalia, akateremsha ile miti mitatu ya kufungia mlango wa kati, akapita. Hakuirudisha. Mwanamke aliyezaliwa kati ya ng'ombe, aliyefundishwa kufunga zizi kabla ya kufundishwa kusali, aliacha mlango wazi kwa sababu macho yake yalikuwa tayari kwa watu.

Akasimama nyuma ya ua wa Athanase akichungulia. Baadaye aliniambia alichokiona, na alinieleza kwa uchungu ambao bado ulikuwa mbichi. Vidole vya Constance havikusimama hata alipocheka. Kikapu kilikuwa kinajaa. Annonciata, ambaye Verdiane alimsimamia ubatizo, alikuwa ameegemea bega la yule mgeni na kusema, "Kumbe musalaba inaweza kuwa muzuri hivi!" Neno hilo lilimchoma. Alisimama pale muda mrefu, akitafuta msalaba mmoja uliopinda apate kufurahi. Hakuupata.

Aliporudi ndipo niliposikia ukelele. Nilikimbia, nikamkuta katikati ya bustani. Ng'ombe walikuwa wameshiba. Dalia karibu zote zilikuwa zimeliwa hadi shina, na zile zisizoliwa zilikuwa zimekanyagwa matopeni. Gaju, ng'ombe wake mpendwa, alikuwa anatafuna taratibu, ua moja jekundu likimning'inia mdomoni. Zilisalia tatu, kwenye kona ya miiba.

Verdiane akaketi chini. "Nimekwisha," akasema. "Padri atakuta meza tupu. Watasema: muone, njo huyu Mama Maua yenu." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie muntu."

Nikamwambia mtu, bila shaka. Nilimwambia Constance.

Alikuja Jumapili alfajiri, kabla moto haujawashwa jikoni, na kifurushi cha majani ya mgomba kwapani. Verdiane alifungua mlango nusu. Nilidhani ataufunga tena usoni pake, na nadhani naye alifikiria hivyo.

"Mama, kulibakia majani," Constance akasema. "Kwetu, kama maua inakosa, tunatumika na hii."

Akaketi kizingitini bila kukaribishwa. Akachukua ukanda mrefu, akaukunja katikati upate kona, kisha akalaza upande mmoja juu ya mwingine, huku, kule, huku, kule, mpaka ikawa rundo dogo la mraba. Akashika ncha mbili, akaachia rundo lifunguke, halafu akavuta ncha moja polepole. Jani likajizungusha lenyewe, likajikusanya, na mkononi mwake pakawa na waridi jeupe lenye rangi kidogo ya siagi.

Verdiane aliliangalia. Najua alitaka kulitupa. Lakini mlio wa pikipiki ya padri ulikuwa tayari unapanda mlima, na chuki yake haikuwa na muda.

Basi Constance akakunja, mimi nikayafungia mawaridi vijiti, na Verdiane akapanga. Hapo ndipo hakuna aliyeweza kumfikia. Alileta majani mabichi ya kando ya mto, akayalaza yateremke mbele ya meza, akatawanya mawaridi juu yake, mengine yamejificha nusu, na zile dalia tatu akaziweka pamoja katikati, ili jicho lianzie hapo. Constance aliacha kukunja akatazama.

Padri Honoré alipofika mbele ya meza alisimama kabla ya kufungua kitabu. "Nani alifanya hizi?"

Watu wote wakajibu kwa pamoja, "Mama Maua!"

Constance akainamisha kichwa. Verdiane akasema, "Aksanti, Padri." Alikuwa amepata alichokuwa anakililia tangu Ijumaa, na aliyempa ni yule yule aliyemwonea wivu.

Matawi yakabarikiwa, tukaandamana tukiimba Hosana, kila mtu na msalaba wake mkononi. Verdiane hakuinua wake. Baada ya misa hakungoja kusifiwa. Akaenda nyumbani, akajifungia, na, kama alivyonieleza baadaye, akafanya jambo ambalo sijasikia Mkristo mwingine akilifanya: akaufungua ule msalaba uliobarikiwa. Akautoa mkunjo mmoja mmoja, akiangalia jani linapita wapi. Ulipokuwa ukanda tu, akaanza kuurudisha. Haukurudi. Akajaribu tena, ukawa fundo. Akachukua uzi mweusi, akauweka chini, akaanza kulia.

Alasiri nilimwona akipita barabarani, ameshika lile jani lililokunjamana, nikamfuata, kwa kuwa mimi ni jirani na pia nina masikio. Wanawake walikuwa bado wamejaa mbele ya nyumba ya Athanase. Verdiane akasimama katikati yao.

"Ile maua ya meza ilikuwa ya huyu," akasema kwa sauti, akimwonyesha Constance kwa kidevu. "Yangu ngombe ilikula. Nilikuja hapa kuchungulia, nikaacha mulango wazi. Njo vile."

Annonciata aliangalia miguu yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Verdiane alikuwa amebeba jina lake hadi pale na kuliweka chini, mbele ya watu wote.

Akamgeukia Constance, akanyoosha mkono wenye jani. "Na musalaba wako nimeuharibu. Nifundishe."

Constance akalipokea jani, akalilowesha kwa maji ya mtungi, akalinyoosha juu ya goti. Akasogea upande kumpa nafasi kwenye mkeka. "Keti hapa, Mama Maua," akasema. "Anza na ncha."

Walikunja polepole, kidole kwa kidole. Msalaba wa Verdiane ukatoka, umepinda kidogo, bila uzi. Akauweka karibu na wa Constance. Akaangalia wake, akaangalia wa mwenzake, akaangalia tena wake. Midomo ikaanza kumchongoka, ile ile ya siku zote.

"Leta jani ingine," akasema.