Unga Mweupe Nyuma ya Vyura

Nilijua upweke umenikolea siku nilipojikuta nawasalimia vyura. Walikuwa kwenye chupa za kioo, juu ya rafu ya maabara ya chuo chetu hapa Tabora, wakielea ndani ya fomalini tangu kabla sijahamishiwa huku. Naingia asubuhi, naweka mkoba, nasema habari zenu. Halafu nakasirika mwenyewe, nawasha jiko la umeme na kuanza kazi.

Zamani nilikuwa na mtu wa kumsalimia. Fundi wa maabara, mzee mmoja wa Goweko, alikuwa amekaa chumba kile maisha yake yote ya kazi. Saa nne tulikuwa tunatoka nje ya mlango, tunakaa kwenye benchi, tunakunywa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyokuja nayo kwenye kikopo. Hatukuwa na mazungumzo ya maana. Yeye ni Mmoraviani, aliimba besi kwenye kwaya, basi mara nyingine alikuwa anavumisha wimbo mmoja mpaka chai inapoa. Alipostaafu akarudi kwao. Tulimfanyia sherehe ndogo ya soda, akanikabidhi funguo, na benchi likabaki na mimi.

Nyumbani pia sikuwa na mtu. Binti yangu anasoma Morogoro, anakaa kwa dada yangu, na nilikuwa namlea kwa simu. Mwanzoni alikuwa anasimulia kila kitu. Kisha akawa anajibu "poa mama", na nasikia televisheni nyuma yake. Kulikuwa na nafasi ya kufundisha huko huko Morogoro, imeshikwa kwa ajili yangu, ila kwa sharti kwamba nimalize shahada yangu ya uzamili kabla mwaka wa masomo haujaisha. Na shahada ilikuwa imesimama kwa sababu ya chupa moja ambayo haikutaka kutoa fuwele.

Nieleze kidogo, maana watu wakisikia kemia wanafunga masikio. Nilichokuwa natengeneza kinahitaji watatu. Wa kwanza ni amini, na yangu ilikuja kama chumvi nyeupe inayonyonya unyevu kwa uroho, ukisahau kifuniko unakuta uji. Wa pili ni fomaldehidi, ile iliyomo kwenye fomalini ya vyura. Wa tatu ni ketoni, na mimi nilitumia asetofenoni, kimiminika chenye harufu tamu ya maua yaliyozidi kuiva. Amini inaishika fomaldehidi, maji yanatoka kati yao, na kinachobaki ni ioni ya iminiamu: kaboni na nitrojeni zimeshikana kwa kifungo maradufu, na chaji chanya juu yake. Kitu hicho hakikai. Kinatafuta elektroni kwa haraka. Ketoni nayo, ukiipa tone la asidi, baadhi ya molekuli zake zinahamisha hidrojeni ya kaboni iliyo jirani na zinageuka kuwa enoli, na enoli ina elektroni za kutoa. Hapo wanaungana. Mwisho unapata ketoni ambayo amini imekaa kwenye kaboni ya pili kutoka kwenye kundi la ketoni lenyewe, na kwa kuwa kuna asidi, inatoka kama chumvi, fuwele nyeupe safi. Nilitaka kuzijaribu dhidi ya ukungu unaoozesha miche ya tumbaku vitaluni. Huku kwetu jambo hilo si mchezo.

Kwenye vitabu ni kazi ya mchana mmoja. Kwangu ilikataa. Nachemsha na spiriti, namwagia asetoni, naweka kwenye barafu, nasubiri. Inakuja tope kidogo chini, basi. Juu yake kimiminika kimebaki na harufu ileile tamu ya asetofenoni, kana kwamba hakuna kilichotokea tangu asubuhi. Nikabadilisha muda, nikabadilisha asidi. Msimamizi wangu yuko Dar es Salaam, na kila nikimpigia ananiambia nijaribu tena kwa uangalifu. Uangalifu ninao tele, nilikuwa natamani mtu wa kumlalamikia tu, tukae pale kwenye benchi tuitukane chupa pamoja.

Jumapili nilikuwa natoka kanisani natembea hadi Kwihara, njia ile ya misafara ya zamani. Wenzangu walidhani ninafanya mazoezi. Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa kimya mno. Njiani unakutana na akina mama, wanakuambia mwangaluka, unaitikia mwangaluka, na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu marefu ya siku.

Ni kwenye njia hiyo nilipopata akili. Ketoni ilikuwa inarudi nzima. Amini nayo ilikuwepo, maana nilipotia magadi kwenye mabaki ilinuka samaki aliyechina. Wawili wako nyumbani, basi aliyekosekana ni wa tatu. Sikuwahi kumshuku kwa sababu fomalini yetu, nilikokuwa namchota, ilikuwa inapendeza mno. Chupa kubwa, imejaa hadi mstari, haina hata wingu.

Jumatatu niliipima. Unaiweka kwenye salfaiti ya sodiamu pamoja na tone la kionyeshi, dawa inayobadili rangi. Fomaldehidi ikishikana na salfaiti, magadi makali yanatolewa na maji yanakuwa ya waridi. Kisha unadondosha asidi mpaka rangi ipotee, na jinsi unavyotumia asidi nyingi ndivyo fomaldehidi ilivyo nyingi. Nilijaza asidi kwenye mrija mrefu, nikajiandaa kwa kazi. Nikadondosha kidogo tu, waridi likaondoka. Nilirudia kwa hasira, nikapata hilohilo. Nilikuwa nimepika kwa maji miezi yote hiyo.

Chumvi ya amini ilikuwa imebaki ya mpiko mmoja tu, na kuagiza nyingine kungevuka mwaka wa masomo. Niliikagua ile chupa ya fomalini, nikamkumbuka fundi na kitambaa chake cheupe, jinsi alivyokuwa anaipangusa kila Ijumaa. Nikasema huyu mzee ana la kunieleza. Kwenye simu ningemfokea, na umri wake hauruhusu. Nikapanda gari hadi Goweko.

Nilimkuta nje ya bani la kukaushia tumbaku la mdogo wake, amekaa kwenye gunia, anachambua majani ya tumbaku. Mkewe alikwishafariki siku nyingi. Nilijua, ila sikuwa nimewahi kuwaza maana yake mpaka nilipoona kikombe kimoja tu kimefunikwa juu ya kichanja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akainuka kunitafutia kiti, akafuta kiti chenyewe mara mbili. Hata hakuniuliza nimefuata nini. Alifurahi tu, na mimi nikaanza kuionea haya hasira yangu.

Nilipomweleza, alirudi kukaa kwenye gunia. Kisha akasimulia. Kila kipupwe, usiku wa Tabora ukipoa, fomalini ya kwenye chupa kubwa ilikuwa inaingia wingu jeupe, na asubuhi unga umetuama chini. Akiwajazia vyura hiyo, wanafunzi walikuwa wanalalamika hawaoni vidole vya chura. Basi alikuwa anaichuja. Anaichuja mpaka inang'aa, na kilichopungua anajazia maji yaliyochemshwa, kiwe sawa na mstari. Kwa vyura ilitosha, wao hawahitaji kali. Mwaka hata mwaka alifanya hivyo, na aliona fahari, kwa sababu shule nyingine fomalini zao zilikuwa kama togwa.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Ule unga ndio fomaldehidi yenyewe. Kwenye baridi molekuli zake zinashikana mnyororo na kuganda, na mzee wangu alikuwa anaitoa kwa uaminifu, anaacha maji.

"Nimekuharibia masomo, mwalimu," akasema. Macho aliyaelekeza kwenye tumbaku.

Nikamwambia hapana, hakuna aliyewahi kumweleza unga ule ni kitu gani. Nikamuuliza unga aliutupa wapi.

Akanishangaa. Alisema vitu vya maabara havitupwi ovyo, na ule unachoma pua, ungemdhuru mtoto au kuku. Aliukausha, akautia kwenye chupa ya jemu, akakaza kifuniko. Uko nyuma ya vyura.

Sikumbuki vizuri safari ya kurudi. Nakumbuka nilipanda kwenye stuli, nikawasogeza wale niliokuwa nawasalimia kila siku, na chupa ya jemu ikawa pale ukutani, imejaa hadi shingoni. Nilipasha chembe chache kwenye mrija wa kioo na harufu ikanivamia mpaka machozi yakatoka. Kwa maandalizi yangu unga huo ni bora kuliko fomalini yenyewe, maana ukipata joto na asidi mnyororo unafunguka na fomaldehidi inatoka bila kuleta maji mengi. Nilicheka peke yangu, nikasikia sauti yangu imekwaruza kwa kutotumika.

Nikapima chumvi ya mwisho ya amini. Nikatia unga, asetofenoni, spiriti, tone la asidi kali, nikaanza kuchemsha. Umeme ukakatika katikati. Moto na spiriti havikai pamoja, kwa hiyo nikawasha jiko la mkaa nje, mbali, karibu na benchi, nikawa nachota maji ya moto kwa sufuria na kuingia nayo kubadilisha yale ya kwenye beseni yaliyopoa. Naingia, natoka, naingia. Ule unga uliokuwa umetuama ukawa unayeyuka kidogo kidogo, mpaka chupa ikawa safi. Nikamwagia asetoni ingali moto, nikaiweka kwenye barafu, nikakaa chini sakafuni.

Zilianza pembeni mwa kioo. Kisha zikashuka chini, nyeupe, nyingi, mpaka nikashindwa kuona mkono wangu upande wa pili. Umeme uliporudi kesho yake nilizipima kiwango cha kuyeyuka, zikayeyuka pale pale vitabu vinaposema, bila kusitasita.

Nilimpigia binti yangu. Akasema hongera mama, utakuja lini, na safari hii alizima televisheni. Nililia kidogo. Halafu nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikampigia fundi.

Nikamwambia zimetoka. Akaniuliza kama ni nyeupe, nikasema nyeupe kabisa. Akaniuliza kama ni kwa unga wake, nikasema ni kwa unga wake. Nikasikia anacheka, na nyuma yake hapakuwa na sauti nyingine yoyote, si ya mtu wala ya redio. Ukimya ule niliutambua mara moja, niliukuta kila jioni nilipofungua mlango wangu.

"Basi utaondoka," akasema.

Nikasema mwisho wa mwaka wa masomo, Mungu akipenda, ila nitapita kumuaga. Hakukata simu, nami sikukata.

"Na vyura," akasema hatimaye, "nani atakuwa anawaangalia?"