Mashine Mbili za Dada Chapa

Duka la Dada Chapa na langu la ushonaji yanatenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nikisema namjua, namjua hadi kikohozi chake. Jina hilo tulimpa sisi majirani. Mtu wa kazi, mbishi, hana muda wa umbea, na ndiyo maana umbea wake nausimulia mimi.

Miaka mingi aliishi kwa printa moja ya leza, kuukuu, ya rangi nyeusi tu. Inakula umeme, tona, ule wino wake wa unga, ghali, lakini haikuwahi kumwangusha. Shule ya jirani ilimpa mitihani yote, na mitihani ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya duka. Siku ya kuchapa alifunga mlango, na binti yake anayesoma shule hiyohiyo alikuja kukaa kwangu. "Mtoto wangu asije akaambiwa ameona maswali," alisema.

Kanisani nako walitaka rangi. Ratiba za harusi, kadi za kipaimara, picha za marehemu. Shemeji yake akamwambia, "Nunua ya matangi, shem. Wino unamimina kama mafuta ya taa, rangi mpaka basi, na ukurasa mmoja haukugharimu kitu." Hakudanganya. Akanunua, na kwa muhula mzima tukawa tunamwona akicheka peke yake.

Jambo ambalo shemeji hakusema ni kwamba mashine ya wino haipendi kukaa bure. Likizo ilipofika, shule kimya, kanisani kimya, wino ukakaukia kwenye vitundu vidogo vya kichwa cha mashine, pale wino unapotokea. Muhula ulipofunguliwa, akafariki mwalimu wa kwaya, yule aliyemfundisha Dada Chapa kuimba. Familia ikataka jalada la ratiba ya mazishi lenye picha yake kwenye karatasi ya kung'aa. Picha ikatoka na mistari myeupe usoni. Akasafisha kichwa, akasafisha tena, wino ukashuka kwenye matangi, mistari ikabaki.

Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akisema, "Basi itoke nyeusi, lakini itoke." Akachukua karatasi ileile ya kung'aa, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za wino, akaiingiza kwenye leza.

Leza huchoma tona kwa joto mpaka ishike karatasi. Lile tabaka la kung'aa likayeyuka, likajiviringisha kwenye rola ya joto. Nikasikia harufu ya plastiki kabla sijamsikia yeye. Fundi alipofika aliivuta ile karatasi vipandevipande, akatikisa kichwa. "Rola imekwenda, dada. Kuipata mpya ni kama kununua mashine nyingine."

"Lakini kesho kuna mtihani wa hesabu!"

"Mimi nakwambia ya mashine. Ya mtihani sijui."

Ningemwambia aende kwa mwalimu mkuu aseme ukweli. Nilimwambia, kwa kweli. Akanijibu, "Nikisema, wanapeleka kwingine, na wakienda hawarudi." Akafunga mlango, akanipa binti, akarudi kwa mashine ya matangi. Akasafisha tena. Kurasa za kwanza zikatoka safi, akazikagua moja moja. Ili kuwahi, akaiweka kwenye uchapaji wa haraka, ule wa kutumia wino kidogo, akaiacha ikimbie. Katikati vitundu vikaziba upya, na hakuangalia tena. Haraka haraka haina baraka, tunasema kila siku, halafu tunakimbia.

Mstari mweupe si kitu ukipita kwenye neno. Mtu atasoma tu. Ukipita kwenye alama ya kutoa, unaimeza yote. Sehemu zikapoteza mstari wa katikati, namba ikabaki juu ya namba. Darasa zima likanyoosha mikono, walimu wakatazamana, mtihani ukafutwa. Mchana mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akaweka karatasi moja juu ya meza. Hakupiga kelele. "Tumekuwa na wewe muda mrefu, mama," alisema, na kazi ikaondoka naye.

Dada Chapa hakulia. Alikaa kati ya mashine mbili, moja imeungua, nyingine imeziba, mikono ina wino hadi viwikoni. Binti alirudi kutoka shule, akapita kwangu bila salamu, akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Na wewe uliona zile alama hazipo?" mama aliuliza.

"Niliona, mama. Mapema, kabla ya wenzangu."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Wangeuliza nani kachapa." Akavua viatu, akavipanga pembeni. "Nikajumlisha tu."