Mtihani wa Fundi Springi

Mdogo wangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Springi. Mimi namshonea vitambaa. Cherehani yangu iko mlangoni pa karakana kwa ajili ya mwanga, yeye yuko ndani na nyundo yake, misumari kaibana midomoni, jambo ambalo nimemkanya tangu kijana wala hasikii. Kwa hiyo asije mtu akaniambia simjui. Namjua mpaka anavyokohoa.

Mkewe, wifi yangu, ni muuguzi, nasi tunamwita Sista. Tangu anavaa sare ya shule alikuwa akisema atafanya kazi ng'ambo. Watu walicheka, wakadhani utoto. Alipomaliza chuo alijitolea wodini bila ajira, akirudi jioni anasoma lugha ya nchi moja ya baridi mpaka anasinzia juu ya daftari. Akafaulu, vyeti vikatafsiriwa na kupelekwa, hospitali ya kule ikamtaka. Aanze kama msaidizi kwanza, mpaka wamtambue kuwa muuguzi kamili.

Springi yeye ni wa hapahapa, na alimwambia hivyo tangu wakiwa wachumba. Karakana aliijenga mwenyewe. Kochi lililokufa likiingia mlangoni kwake linatoka limefufuka, na mwenye kochi anarudi baada ya miaka kumi na binti yake anayeolewa. Huko ng'ambo makochi mazima yanatupwa kando ya barabara. Angeenda kufanya nini, abebe maboksi ghalani? Lakini alimpenda yule mwanamke, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Siku ya safari, mabegi yameshafungwa, Sista alikaa juu ya begi moja akasema mbele yangu, "Mume wangu, sema ukweli. Kama hutaki kunifuata, sipandi ndege. Hata nikishafika, siku ukisema hutaki, nageuza. Siwezi kukaa kule nikijua huji."

Springi akanyanyua begi la pili, akasema, "Nenda. Nitakuja."

Basi, kufuata mke ng'ambo si kupanda ndege tu. Ubalozi haupokei maombi ya mume mpaka aonyeshe cheti kwamba anaijua lugha yao, hata ile ya mwanzo kabisa. Mtihani wenyewe una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Katika kuzungumza unajitambulisha, unataja herufi za jina lako moja moja, unapewa kadi yenye neno na unauliza swali kwa neno hilo. Akaomba pia viza ya kwenda kumtembelea tu, wakamnyima. Mume wa mtu anayeishi kule, wanajua akiingia hatoki.

Akajiandikisha darasani. Karakanani akawa anafungulia masomo kwenye simu tangu asubuhi. Mwanamke wa kwenye simu anauliza, Springi anajibu huku akivuta gunia juu ya springi. Mwanzoni alikuwa anababaika. Baadaye alikuwa anajibu kabla mwanamke hajamaliza, tena anamtania. Mimi siijui lugha ile, ila mtu anayebabaika na mtu anayeongea nawajua.

Akaenda kwenye mtihani, akafeli. Akarudia, akafeli tena, safari hii vibaya zaidi.

"Wewe," nikamwambia, "unaongea na simu kutwa nzima kama kasuku, jina lako tu limekushinda?"

"Dada, nikikaa mbele ya wale watu ulimi unakufa ganzi."

Nikajitia hamnazo. Nilikuwa nataka abaki, nisiseme uongo. Lakini kubaki kwenyewe kulikuwa kubaya kukutazama. Nyumba ile ilipoa. Chakula alikuwa anakula kwangu, amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kitandani alikuwa analala upande wake uleule, ukingoni, na upande wa pili shuka limenyooka vilevile nilivyolitandika. Akaacha hata kutania wateja. Mtu anakuja kuchukua kochi lake, anasifia, Springi anaitikia kwa kichwa tu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Simu ya Sista ilikuwa inaingia mchana akitoka zamu. Springi anaiegemeza kwenye gombo la kitambaa, wanaongea huku akifanya kazi. Mchana mmoja Sista alikuwa na mgeni, bibi mmoja mzee, jirani yake wa kule. Sista akaenda jikoni kuangalia chungu, simu akaiacha mezani. Yule bibi akaketi kwenye kochi, na kochi likalia kiii.

Springi akainua kichwa. Bibi akajisogeza, kochi likalia tena.

Hapo mdogo wangu akasahau dunia. Akaiinamia simu akaanza kumwambia yule bibi mambo, kwa lugha ya kule, maneno yanatiririka. Akauliza, bibi akajibu. Akaonyesha kwa vidole namna ndoano ya springi inavyochomoka kwenye fremu. Bibi akacheka, akapiga magoti, akachungulia chini ya kochi, na sauti yake ikatokea huko akieleza anachokiona. Springi akawa anamwelekeza, kushoto, hapana, nyuma yake, nadhani ndivyo alivyokuwa akisema. Miezi mingi sikuwa nimemwona na uso ule.

Kisha nikamwona Sista kwenye kioo cha simu. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, anasikiliza. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani.

Akamuaga bibi kwa upole, akamsindikiza, akarudi akakaa. Nilitaka kuondoka, lakini Springi alikuwa amenishika mkono.

"Kumbe unaijua," Sista akasema.

"Naijua."

"Mitihani yote miwili?"

"Niliingia nikanyamaza."

Sista akaufuta uso kwa kiganja. "Si ungeniambia tu kwamba hutaki?"

"Ningekuambia ungerudi. Ulisema mwenyewe. Ungerudi kujitolea wodini, na mimi ningekuwa nakuangalia kila siku unavyozeeka na kinyongo." "Kuja siwezi, Sista. Nimejaribu kujilazimisha. Nikaona bora mtihani useme hapana, usiwe mimi."

"Halafu ukajifunza lugha ya nini?"

"Wewe sasa ukiongea unachanganya. Unanisimulia kazini kwako, nusu sielewi. Nilitaka nikuelewe."

Sista alilia, na mimi nikalia, na cherehani yangu ikakaa bila kazi mpaka jioni. Hakusema anageuza. Nilisubiri aseme, na nadhani Springi alisubiri pia, pengine hata alitamani. Sista alikuwa ameshatambuliwa kuwa muuguzi kamili, ana wodi yake, na ile ahadi ya juu ya begi hakuna aliyeitaja. Waliagana vizuri, kama kawaida.

Wiki mbili baadaye Sista akapiga tena. Sheria ya kule inataka anayemleta mume awe na nyumba ya kutosha wawili, kwa hiyo alikuwa amepanga nyumba kubwa akaishi ndani yake peke yake, akilipa vyumba vya mtu asiyekuja. Sasa akasema ametoa notisi. Anahamia chumba kimoja karibu na hospitali.

Springi akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. Kisha akamuuliza kitu kwa lugha ya kule. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwongelesha mkewe kwa lugha ile. Nilikuja kumuuliza baadaye alisema nini. Alikuwa amemuuliza kama hicho chumba kina joto.

Sista akamjibu kwa lugha yetu kwamba hapana, ila atazoea.