Mkia wa Namba e

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Temeke. Mke wangu alikuwa amebaki bara akimuuguza mama yake, nami nilipanga chumba kimoja. Jioni nilisoma masomo ya juu ya hesabu kwa njia ya posta. Mazoezi yangu yalikwenda Uingereza kwa meli na kurudi yamesahihishwa, wakati mimi nimeshasahau nilichoandika.

Pale shuleni mtu mmoja tu alijali mambo hayo: mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye kwao ni Kinondoni. Wanafunzi wakishatawanyika, tulibaki darasani na chaki.

Jioni moja nilimwonyesha namba ile inayoitwa e. Unaanza na moja, unaongeza moja, kisha nusu, kisha moja ya sita, kisha moja ya ishirini na nne, na kuendelea bila kikomo. Kila asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ni zao la namba zote kuanzia moja hadi hapo ulipofika. Zoezi lilitaka tuthibitishe kwamba jumla yake haiwezi kuandikwa kama sehemu, namba nzima juu ya namba nzima.

"Tuseme inawezekana," nilimwambia, "na asili yake ni saba. Zidisha kila kitu kwa moja mara mbili mara tatu, mpaka saba. Upande huu unapata namba nzima. Upande wa pili, vipande vyote mpaka cha saba navyo vinakuwa namba nzima. Kinachobaki ni mkia: moja ya nane, ongeza moja ya sabini na mbili, na vingine vidogo zaidi. Mkia huo nao ingebidi uwe namba nzima, lakini ni vipande vitupu. Basi haiwezekani."

Alitikisa kichwa. "Nusu, na robo, na thumni, ukiendelea hivyo bila kukoma, unafika wapi?"

"Kwenye moja."

"Moja nzima. Navyo ni vipande vitupu. Sasa wewe umejuaje kwamba mkia wako haufiki?"

Tulifuta ubao tukaenda zetu.

Wiki ile ile akapata uhamisho kwenda Kilwa. Aliniambia ataondoka Jumatatu, na kwamba nikipata jibu nimfuate nyumbani nimwambie.

Nililipata Jumapili asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani na karatasi juu ya goti. Moja ya sabini na mbili ina nane mara tisa chini yake. Badala ya tisa weka nane, kipande kinaongezeka kidogo. Fanya hivyo kwa vyote. Sasa una moja ya nane, moja ya nane mara nane, moja ya nane mara nane mara nane, na jumla ya hivyo inajulikana: moja ya saba kamili. Kwa hiyo mkia wenyewe ni mdogo kuliko moja ya saba, na ni mkubwa kuliko sifuri. Hakuna namba nzima mahali hapo. Na badala ya saba weka namba nzima yoyote, hoja ni ile ile.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Nikavaa viatu, nikatembea mpaka Kinondoni.

Mama yake alikuwa uani akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio kaondoka juzi, lori limepita kabla ya siku yake. Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Ni hesabu tu. Aliniuliza swali, nimepata jibu lake."

Alinitazama, akalitazama na vumbi langu. "Umekuja kwa miguu toka Temeke kwa ajili ya hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa ule."

Nilikula. Aliniuliza habari za mke wangu na za mkwe, nami nikamjibu vizuri. Karatasi ilikuwa mfukoni na sikuitoa. Nilitamani mtu abishe, aseme hapo umekosea, tuanze upya. Yule mama alikuwa na wema tele, lakini hilo hakuwa nalo.

Nilimwandikia Kilwa, na hoja yote ndani ya barua. Alinijibu baada ya muda mrefu kwamba homa imemsumbua na shule haina madawati. La mkia hakuligusa, nami sikumuuliza tena. Zoezi langu lilirudi kutoka Uingereza na alama ndogo ya vema pembeni, kwa wino mwekundu, bila neno lolote. Jioni ile nilikaa mlangoni na karatasi hiyo mkononi. Majirani walipita wakinisalimu, mmoja akauliza za kazi. Nikasema nzuri.